Mtoto wa kike hana jina bado, nipeni majina mazuri haraka

#1 MtuWaNtinda
Wakuu, habari za jioni. Mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kike. Kesho tunaruhusiwa kutoka hospitali, na nesi ameshapita kuuliza jina la kujaza kwenye fomu. Hatujakubaliana. Nipeni majina mazuri ya Kiafrika, mafupi, yasiyosumbua ulimi. Nimependa Apiyo, Nakato na Kirabo. Ongezeni mengine, tutachagua usiku huu.

#2 Kondakta_Busia
Hongera. Neema, Pendo, Imani, Zawadi, Subira, Tatu. Ukikosa hapo rudi, stoo haijaisha.

#3 DerevaWaMalori
Safari. Wangu alizaliwa mimi nikiwa foleni ya Malaba, mama yake akampa jina kwa hasira. Leo ni binti mkubwa na jina limemkaa.

#4 KijanaWaMukono
Chukua Nakato, ssebo. Majina mengi ya Kiganda yana wenyewe: kila ukoo una yake, na ukimpa mtoto jina la Lugave wakati baba si wa Lugave utaitwa kikaoni. Lakini Nakato halina ukoo. Mtu yeyote anaweza kulitumia, hata asiye Mganda.

#5 MwanaGulu
Mtoa mada, huyo mtoto kazaliwa na mwenzake? Kama ni peke yake, Apiyo litoe. Kwetu Apiyo ni pacha wa kike aliyetangulia kutoka, na Opiyo ni wa kiume. Ukifika Gulu na binti anayeitwa Apiyo, swali la kwanza ni "Acen yuko wapi?" au "Ocen yuko wapi?" Ukisema hayupo, watu wataanza kukupa pole ya msiba ambao hukuwa nao.

Na wewe wa Mukono umeacha nusu. Nakato halina ukoo kwa sababu ni jina la mapacha! Wa kike wa kwanza ni Babirye, wa pili ndiye Nakato.

#6 KijanaWaMukono
Najua hilo. Lakini dada yangu ni Nakato na hakuzaliwa pacha. Alirithishwa jina la jjajja. Hakuna aliyempa pole ya msiba.

#7 MwanaGulu
Huyo jjajja mwenyewe alikuwa pacha?

#8 KijanaWaMukono
Alikuwa.

#9 MwanaGulu
Basi jina lilifika kwa dada yako kwa njia ya jjajja, halikuokotwa mtandaoni.

#10 Hajati_Bombo
Assalaam aleikum. Mashallah, hongera kwa baba na mama. Majina mazuri ya mtoto wa kike ni Fatuma, Khadija, Mariam, Aisha, Zainab, Rukia. Jina mpe siku ya saba, siku ya akika. Mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, wa kiume wawili. Ananyolewa nywele, zinapimwa, na uzito wake unatolewa sadaka ya fedha. Huku Bombo sisi Wanubi hatukimbizani na nesi, mtoto anasubiri siku yake. Mbuzi asiwe na kilema.

#11 Kondakta_Busia
Hajati, mwenzetu hajasema kama ni Muislamu.

#12 Hajati_Bombo
Hajasema kama si Muislamu.

#13 Atwooki_wa_Mpanga
Hajati kapatia. Huyu bwana hajasema kitu chochote. Sasa wewe MtuWaNtinda, kabla watu hawajakumwagia majina ya dunia nzima, jibu haya: wewe ni wa wapi, mkeo ni wa wapi, huyu ni mtoto wa ngapi, nani alizaliwa kabla yake, na jina gani mkilisikia nyumbani mnanuna? Nchi hii watoto wengi jina linawasubiri kabla hawajazaliwa. Wewe unauliza kana kwamba unachagua rangi ya kiti.

#14 MtuWaNtinda
Mzee, sikutaka kuleta mambo ya makabila, ndiyo maana nilinyamaza. Mimi ni Mtooro wa upande wa Kyenjojo, ila nimekulia Kampala. Mke wangu ni wa Kitgum. Nyumbani tunaongea Kiswahili na Kiingereza, tulikutana kazini tu. Maana yoyote ya jina ni sawa, hatuna masharti. Huyu ni uzao wa pili. Uzao wa kwanza tulipata mapacha wa kiume, lakini hilo sidhani kama linahusu.

#15 Kondakta_Busia
"Sidhani kama linahusu" 😂😂😂

#16 BintiArua
Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Mtu ana mapacha nyumbani, mke Muacholi, yeye Mtooro, halafu anatuuliza jina.

#17 Atwooki_wa_Mpanga
Mdogo wangu, jina unalo tangu siku mapacha walipotoka tumboni. Kwa Watooro na Wanyoro anayefuata mapacha ni Kiiza, awe wa kike au wa kiume. Anayemfuata Kiiza ni Kaahwa. Hata hao mapacha wako, wewe unaweza kuwa umewapa majina ya kanisani, lakini nenda Kyenjojo uulize bibi yao anawaitaje. Mkubwa ni Isingoma, mdogo ni Kato. Wangekuwa wasichana wangekuwa Nyangoma na Nyakato. Hapo hakuna kikao cha kuchagua, ni mpangilio wa kuzaliwa.

Kinachochaguliwa kwetu ni empaako, na hicho ni kitu kingine kabisa, hakichukui nafasi ya jina. Ni majina machache ya heshima ambayo kila mtu anapewa moja: Abwooli, Adyeeri, Akiiki, Amooti, Abooki, Apuuli, Araali, Acaali, Ateenyi, Atwooki na kadhalika. Okaali anaachiwa mfalme. Mtu akikusalimia anataka empaako yako kwanza, na mtoto mwenye adabu humwita baba yake kwa empaako. Ndiyo maana UNESCO mwaka 2013 waliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, wakitutaja Watooro na Wanyoro pamoja na Watuku, Watagwenda na Wanyabindi.

Na haipatikani kwenye simu. Mashangazi wa upande wa baba wanampokea mtoto, wanamgeuza, wanamwangalia masikio, paji la uso, vidole. Wakisema huyu ni bibi yake mtupu, basi empaako ya bibi ina nafasi kubwa. Mkuu wa ukoo anaitamka, mnakula ugali wa ulezi na samaki wa moshi, mnapanda mti. Wazee wa zamani walingoja miezi kadhaa ndiyo wafanye hayo. Leo watu wanamaliza kwa simu ya video na soda.

#18 MtuWaNtinda
Asante mzee. Ni kweli mama anawaita Isingoma na Kato. Nilidhani ni majina ya utani.

#19 DerevaWaMalori
Utani 😂 Mtoto wa Kampala huyu.

#20 MwanaGulu
Mzee Atwooki umeongea vizuri, ila umesahau kwamba huyo mtoto ana mama. Kwa Waacholi anayefuata mapacha ni Akello akiwa wa kike, Okello akiwa wa kiume. Baada yake ni Adong au Odong. Kwa hiyo ukienda Kitgum ukasema mtoto aliyekuja nyuma ya mapacha anaitwa Kirabo, bibi mzaa mama atasikiliza kwa heshima, halafu atamwita Akello mpaka kufa kwake.

Na nikuulize kitu ambacho mzee hakukuuliza. Ulipeleka mahari Kitgum? Kama bado, unafahamu "luk"? Ni malipo ambayo baba hulipa kwa wazazi wa msichana aliyezaa kabla ya ndoa kukamilika, ndipo mtoto ahesabike wa kwake. Haijalipwa, wajomba wanaweza kusema mtoto ni wa kwao na jina ni la kwao. Sisemi watafanya hivyo, nasema mdomo wanao.

#21 Atwooki_wa_Mpanga
Mtoto ni wa ukoo wa baba, Gulu na Kyenjojo hapo tunakubaliana. Jina linatoka kwa baba.

#22 MwanaGulu
Tunakubaliana, mahari ikishafika. Ndiyo maana nimeuliza.

#23 MtuWaNtinda
Tulikwenda Kitgum kujitambulisha. Mengine yapo njiani.

#24 Kondakta_Busia
"Yapo njiani." Haya. Naomba nimsahihishe MwanaGulu kidogo. Adongo ni pacha wa pili, si mtoto wa baadaye. Shemeji zangu wa Kisumu wana Apiyo na Adongo, pacha kabisa, nimewabeba wote wawili.

#25 MwanaGulu
Hao ni Wajaluo wa Kenya. Kwao pacha wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, halafu Okello au Akello anafuata. Kwetu Acholi wa pili ni Ocen au Acen, na Walango vilevile. Odong kwa Acholi, Odongo kwa Lango, ni yule anayekuja baada ya Okello. Umebeba mapacha wa kweli, ila si wa huku.

#26 Kondakta_Busia
Kwa hiyo Adongo wa Lira na Adongo wa Kisumu wakikutana, mmoja ni pacha na mwingine si pacha?

#27 MwanaGulu
Ndiyo. Na wote wawili watasema mwenzake kapewa jina vibaya.

#28 AfandeMstaafu
Mnanikumbusha 1985. Julai ile serikali ilipopinduliwa, redioni tulikuwa na Okello wawili kwa wakati mmoja, Bazilio Olara Okello na Tito Okello Lutwa. Watu wa kusini walifikiri ni ndugu wa baba mmoja. Niliwaeleza kambini kwamba jina hilo halisemi baba yako ni nani, linasema nani alitangulia kuzaliwa. Hawakuelewa.

Jina la tukio nalo lipo. Rais mwenyewe, Museveni, jina lake linatokana na Abaseveni, askari wa Uganda waliokuwa kikosi cha saba cha jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, wakati wa vita kuu ya pili. Yeye kazaliwa 1944, askari wakiwa bado vitani. Hakuna ukoo wala mapacha hapo, ni habari za mwaka ule. Kwa hiyo msimfunge huyu kijana kamba kwamba jina lazima litoke huku au kule.

#29 BintiArua
Afande kanifungulia mlango. Kwetu Walugbara jina ni barua. Mama yangu anaitwa Candiru, na wanaojua Kilugbara wanajua hapo kuna shida na mateso. Halikumhusu yeye mtoto. Bibi alipojifungua alikuwa anaishi vibaya na upande wa mume: chakula cha mafungu, maneno jikoni, shamba lake kapewa mwingine. Hakuweza kusimama mbele ya wakwe aseme. Wanawake waliomzalisha wakampa mtoto jina hilo, na kila mkwe alipomwita mtoto alikuwa anajisomea kesi yake. Mama yangu amebeba malalamiko ya mtu mwingine tangu kuzaliwa mpaka leo, na analipenda jina lake. Ukimwita Mariam haitiki.

Ndiyo maana swali la majina ya kuepuka ni kubwa kuliko la majina mazuri. MtuWaNtinda, umeulizwa na mzee hukujibu. Jina gani hamlitaki?

#30 MtuWaNtinda
Hakuna. Tuko wazi.

#31 DerevaWaMalori
Hakuna binadamu asiye na jina asilolitaka. Subirini.

#32 KaraniMsajili
Nimekuwa nikisoma kimya. Kazi yangu ni dawati la usajili, kwa hiyo nitaongelea fomu tu, mila nawaachia wazee.

Nesi akikuuliza jina usiogope, lakini usimwambie "andika tu chochote, tutabadilisha". Hicho "chochote" kinapanda ngazi. Taarifa ya kuzaliwa ya hospitali ndiyo unayokuja nayo kwetu NIRA na namba zako na za mama. Kutoka hapo jina linaingia kwenye rejesta, linatoka kwenye cheti, mtoto anapata namba yake ya utambulisho. Nimeona mtoto mwenye majina matatu katika karatasi tatu: kadi ya chanjo inasema mtoto wa fulani, cheti kinasema Kirabo, shule inasema Akello kwa sababu bibi ndiye aliyempeleka kuandikishwa. Hakuna anayegundua mpaka darasa la saba, shule inapowasajili UNEB kwa mtihani wa PLE. Kuanzia hapo kila karatasi ya masomo inafuata jina hilo, na siku akitaka kitambulisho hazilingani.

Akiwa chini ya miaka 18 mzazi anaweza kuomba jina libadilishwe. Akishafika 18 ni yeye mwenyewe, na sheria ya usajili wa watu ya 2015 inamtaka atangaze kwanza kwenye Gazeti la Serikali ndipo aje kwetu. Kwa hiyo kaeni mkubaliane majina yote sasa, hata kama ni manne, muandike kwa tahajia moja. Kiiza wa irabu mbili na Kizza wa z mbili kwenye kompyuta ni watu wawili.

#33 KijanaWaMukono
Kizza ni yetu sisi, anafuata mapacha pia, halafu Kamya, halafu Kityo. Kwa hiyo bwana akiandika z mbili mtoto amehamia Buganda 😂

#34 DerevaWaMalori
Karani kasema kweli. Mimi na binti yangu hatufanani jina hata moja, maana hapa kwetu kila mtoto ana jina lake, si kama wazungu wanaogawana la baba. Siku moja nilipita naye mpakani, ofisa akanitazama, akaitazama pasipoti yake, akaniuliza huyu ni nani yako. Safari, na mimi naitwa vingine. Tulikaa kwenye benchi mpaka mama yake akapiga picha cheti cha kuzaliwa akatuma. Sasa cheti kinakaa ndani ya gari kama leseni.

#35 Hajati_Bombo
Ndiyo maana ya kuandika jina la baba la pili. Fatuma binti fulani, imekwisha.

#36 KaraniMsajili
Hajati, hilo linasaidia, na wengine sasa wanafanya hivyo. Lakini sheria hailazimishi, na kwa wenye majina ya ukoo jina la babu wa mtu mmoja kukaa kwa watoto wote linawakera wazee.

#37 AfandeMstaafu
Karani, kitambulisho changu kina mwaka wa kuzaliwa usio wangu. Nifanye nini?

#38 KaraniMsajili
Afande, fungua uzi wako.

#39 MtuWaNtinda
Wakuu, taarifa. Nimesoma mchango wenu wote hapa wodini, wakisikiliza mke wangu na mama mkwe aliyefika asubuhi na basi la usiku. Mambo yamekuwa magumu kuliko jana.

Mama mkwe hajauliza jina. Kamchukua mtoto, kamwita Akello, akaendelea kumwogesha. Baba yangu kapiga simu kutoka Kyenjojo, kasema "Kiiza hajambo?" Yaani wote wawili hawakujua kwamba kuna swali. Mke wangu anasema Kiiza ni sawa shuleni lakini yeye atamwita Akello. Mimi nilipendekeza tumpe empaako Adyeeri, nilisikia ni tamu, na hapo ndipo mke wangu aligeukia ukuta. Kumbe kuna Adyeeri niliyewahi kuwa naye kabla hatujaoana. Nilikuwa nimesahau. Yeye hajasahau.

#40 DerevaWaMalori
"Tuko wazi, hakuna jina tusilolitaka." Nilisema subirini.

#41 BintiArua
😂😂😂 Nyabo namwelewa. Fikiria kila siku kumsalimia mtoto wako kwa jina la mwanamke yule.

#42 Atwooki_wa_Mpanga
Hilo halina tabu, empaako zipo nyingine na Adyeeri hana haki ya kudai. Mpigie shangazi yako, mwambie aje amwangalie mtoto, na umnong'oneze mapema kwamba Adyeeri asimtaje. Mashangazi ni watu wazima, watamwona mtoto anafanana na Abwooli au Akiiki bila kuambiwa mara mbili. Ila nikuonye, siku hizi kuna makanisa ya walokole yanayokataa empaako, yanasema ni ya mizimu. Kama mkeo anasali huko muulize kwanza.

#43 MwanaGulu
Kwa hiyo mashangazi huona wanachonong'onezwa? Mzee, jana ulisema wanasoma masikio.

#44 Atwooki_wa_Mpanga
Wanasoma masikio. Na wanasikia kwa masikio.

#45 AfandeMstaafu
Mimi ningeandika yote. Kiiza Akello, halafu jina la dini. Kila bibi atamke lake.

#46 MwanaGulu
Kiiza Akello ni kusema kitu kimoja mara mbili. Mtu wa Kitgum akisikia hatajua, mtu wa Kyenjojo hatajua, lakini Mtooro aliyeishi Gulu atacheka.

#47 KijanaWaMukono
Ndiyo maana nilisema Kirabo. Halina mapacha, halina ukoo, halina Adyeeri.

#48 KaraniMsajili
Kwenye fomu kuna nafasi ya jina la kwanza, jina la familia na majina mengine. Kiiza na Akello yanaingia yote, ila amueni lipi linakaa nafasi ya familia, kwa sababu ndilo litakaloitwa kwenye foleni zote za maisha yake.

#49 MtuWaNtinda
Nesi kapita tena. Tumeandika Akello kwanza, Kiiza nafasi ya familia, empaako tunangoja shangazi Jumamosi. Baba bado sijamwambia Akello limetangulia. Kirabo mke wangu kaliomba liwekwe akiba.

#50 Kondakta_Busia
Akiba ya nani? Anayefuata ni Kaahwa kwa baba na Adong kwa mama, mmeshaambiwa.

#51 MwanaGulu
Au Adongo, kama atazaliwa Kisumu.